Asilimia 35? Usiguse hiyo akiba kwanza

*"Nipo Tabora mjini, natunza risiti na daftari la matumizi, huu mwaka wa pili. Mwanzo chakula, nauli na kodi vilikuwa 360,000 kwa mwezi, sasa ni 486,000. Mdogo wangu amehamia kwetu, tumeongeza chumba. Mahindi nayo yamepaa mno tangu Juni. Kwa hiyo mfumuko wetu wa bei ni asilimia 35, siyo hiyo 3 ya ofisi ya taifa ya takwimu, NBS? Niweke na ada za shule? Programu gani ya simu inafaa? Nafikiria kutoa akiba ninunue magunia ya mahindi kabla hayajapanda tena."*

Mkuu, usinunue. Februari hii? Acha kabisa.

Mimi nilifanya hivyohivyo. Daftari langu lilianza Juni, debe la mahindi 9,000. Kufika Februari debe 15,000. Nikagawa, nikapata karibu asilimia 67, nikaona dunia inaisha. Jamaa mmoja aliyetuendeshea semina ya kikundi cha kuweka na kukopa, mwenye tai na kalamu ya kuonyeshea ukutani, ndiye aliyetufundisha: "Chukua bei ya mwisho, gawa kwa ya mwanzo, huo ndio mfumuko wako, kimbiza hela kwenye mali." Nikakimbiza. Magunia 20 ya debe sita sita, kila moja 90,000. Yeye alikula posho yake akaondoka, mimi nikabaki na ghala sebuleni.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mahindi mapya yanaingia sokoni kuanzia Mei. Februari ndiyo kilele cha ukata. Juni iliyofuata debe likawa 10,000. Magunia niliyonunua kwa 1,800,000 yakawa na thamani ya 1,200,000, hapo sijahesabu yaliyogeuzwa unga na dumuzi. Wazee wa Tabora wanawaita Skania tangu walipotuvamia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mimi niliwapa maegesho ya bure.

Sasa linganisha Juni kwa Juni: 9,000 hadi 10,000, asilimia 11. Huo ndio uliokuwa mfumuko wangu wa mahindi. Ile 67 ilikuwa kalenda tu. Kwa hiyo hiyo "yamepaa tangu Juni" yako haina maana yoyote mpaka uniambie Februari ya mwaka jana debe lilikuwa shilingi ngapi. Mwezi kwa mwezi wake. Nyanya, maharage, dagaa, vyote hivyo hivyo. Na kipimo kiwe kilekile: sado kwa sado, na fungu la nyanya lipime kwenye mizani, maana fungu linaweza kubaki 500 huku nyanya zikipungua.

Hiyo 35 yako nayo ni matumizi, siyo bei. Umeongeza mtu na chumba halafu unausingizia mfumuko. Kinachotakiwa ni kujiuliza vitu vilevile vya mwaka wa kwanza, kwa kiasi kilekile, vingegharimu ngapi leo. Tuseme ile 360,000 ilikuwa chakula 240,000, nauli 60,000, kodi 60,000. Kilo za sembe, mchele na lita za mafuta za wakati ule zizidishe kwa bei za sasa za mwezi uleule; tuseme zinatoa 259,200. Bajaji ikitoka 500 hadi 600, nauli ya safari zilezile ni 72,000. Kwenye kodi usiweke ya vyumba viwili. Muulize aliyeingia kwenye mpangilio wako wa zamani analipa ngapi. Akisema 66,000, andika hiyo. Na kama mwenye nyumba anachukua ya miezi sita kwa mpigo, igawe kwa sita, la sivyo mwezi mmoja utaonekana wa balaa na mitano ya bure.

Jumla 397,200. Gawa kwa 360,000: asilimia 10.3. Katika ongezeko lako la 126,000, bei zimekula 37,200. Hizo 88,800 nyingine ni mdogo wako na chumba chake, msalimie.

NBS hawajakudanganya. Wastani wao wa 2024 ulikuwa asilimia 3.1, lakini kwenye kapu lao la taifa chakula na vinywaji visivyo na kilevi vinabeba asilimia 28.2 tu. Kwako chakula ni theluthi mbili. Sembe ikitikisika, nyumba yako inatikisika zaidi ya wastani wa nchi, na ikishuka unapata nafuu kuliko wao.

Fungua daftari sasa hivi, ukurasa wa Februari mwaka jana. Kama hukuandika bei ya debe, nenda mashineni kwa anayekusagia, wengi wana daftari lao. Ukiipata ilete hapa tuione, na hela ibaki benki mpaka mahindi mapya yaingie.