Hatifungani ya miaka 20 na "dyuresheni ya miaka 8": ukiuza kabla haijaiva

Swali: "Wakuu, niko Dodoma. Nina hatifungani ya Serikali ya miaka 20, milioni 20, kuponi asilimia 12, nimeinunua kwa bei ya 100 juzi tu. Nataka kuiuza baada ya miaka 3 nianze kujenga kiwanja changu cha Iyumbu. Broka ananiambia dyuresheni yake ni miaka 8 na nisiwe na wasiwasi. Miaka 8 imetoka wapi wakati inaiva baada ya 20? Na inanihusu nini?"

Mkuu, inakuhusu sana, kwa sababu unapanga kuuza kabla haijaiva. Angekuwa mtu wa kukaa nayo hadi mwisho, bei ya katikati isingemuumiza kichwa: angepokea kuponi zake kila miezi 6, na mwisho mtaji wake kamili.

Miaka 8 ni wastani wa muda wa kusubiri pesa zako, ila kila malipo yamepewa uzito kulingana na thamani yake ya leo. Tuchukue hatifungani fupi ili hesabu ionekane yote: milioni 1, miaka 2, kuponi asilimia 12, riba ya soko nayo asilimia 12. Utalipwa 60,000 mara tatu, kisha 1,060,000. Ukiyarudisha malipo hayo kwenye thamani ya leo kwa asilimia 6 kila nusu mwaka, unapata 56,604, kisha 53,400, kisha 50,377, na la mwisho 839,619. Jumla ni milioni 1, ambayo ndiyo bei. Sasa zidisha kila moja kwa muda wake (nusu mwaka, mwaka 1, mwaka 1 na nusu, miaka 2), jumlisha, gawa kwa milioni 1. Jibu ni miaka 1.84. Haifiki 2 kwa sababu kuponi zinatangulia kukurudishia sehemu ya pesa.

Fanya hivyo hivyo kwa malipo 40 ya hatifungani yako, utapata miaka 7.97. Hiyo ndiyo 8 ya broka, na inaitwa dyuresheni ya Macaulay. Mtaji unaolipwa mwaka wa 20 ni mkubwa kwa macho, lakini thamani yake ya leo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya bei. Uzito umelala kwenye kuponi, ndiyo maana wastani umevutwa nyuma kiasi hicho.

Kwa kupima bei, hata hivyo, hiyo 7.97 haitumiki moja kwa moja. Igawe kwa 1.06, yaani moja jumlisha riba ya nusu mwaka, upate 7.52. Hii ni dyuresheni iliyorekebishwa, na maana yake ni kwamba riba ya soko ikipanda pointi 1 ya asilimia, bei inashuka kwa takriban asilimia 7.52. Nasema pointi makusudi. Riba ikitoka 12 kwenda 13 imepanda pointi 1, wakati ukisema "imepanda kwa asilimia 8" na kuzidisha kwa 7.52 utapata hasara ya kutisha ambayo haipo.

Jambo ambalo broka alipaswa kukueleza ni hili: baada ya miaka 3 dyuresheni yako haitakuwa imepungua kwa miaka 3. Hatifungani itakuwa imebakiza miaka 17, na kwa riba ile ile ya 12 dyuresheni iliyorekebishwa itakuwa 7.18. Imetoka 7.52 tu! Hatifungani ndefu huzeeka taratibu kwa kipimo hiki, kwa hiyo siku unapopeleka oda ya kuuza, hatari ya bei itakuwa karibu sawa na ya leo.

Tuseme siku hiyo riba ya soko kwa muda huo ni asilimia 14. Pointi 2 mara 7.18 ni asilimia 14.4, yaani hasara ya kama milioni 2.87 kwenye milioni 20. Ukikokotoa bei kamili unapata 87.15, hivyo utauza kwa milioni 17.43 na hasara halisi ya bei ni milioni 2.57. Kuponi 6 za milioni 1.2 utakuwa umeshazipokea, jumla milioni 7.2, kwa hiyo hujatoka mikono mitupu. Ila faida yako kwa mwaka imeshuka kutoka 12 hadi karibu 8, na fundi wa msingi hajali hilo, anataka tofali. Riba ikishuka mambo yanageuka na utauza juu ya 100. Sioni sababu ya kuweka pesa ya ujenzi yenye tarehe kwenye bahati hiyo.

Umeona dyuresheni imesema 14.4 na bei halisi imeshuka 12.9? Uhusiano wa bei na riba ni mstari uliopinda, na dyuresheni inaunyoosha. Kwa pointi 1 kosa ni dogo: hatifungani yako ya leo, riba ikifika 13, inashuka hadi 92.93, ikishuka hadi 11 inapanda hadi 108.02. Kwa pointi 3 tofauti inakuwa kubwa, kwani dyuresheni itakuambia hasara ya asilimia 22.6 wakati halisi ni 18.9. Kupinda huku kuko upande wa mwenye hatifungani, lakini riba ikiruka sana, kokotoa bei yenyewe.

Kwenye Excel fomula ni hizi, tarehe weka zako:

```
=MDURATION(DATE(2026,1,15),DATE(2046,1,15),0.12,0.12,2)
=PRICE(DATE(2026,1,15),DATE(2046,1,15),0.12,0.13,100,2)
```

Ya kwanza inatoa 7.52, ya pili 92.93. Ile 2 ya mwisho ni idadi ya kuponi kwa mwaka. Ukiandika 12 badala ya 0.12, Excel inasoma asilimia 1,200 na jibu litakuwa kichekesho. Riba ya soko (hiyo 0.12 ya pili) usiitoe kwenye bei ya mwisho ya DSE bila kuangalia tarehe ya muamala, maana baadhi ya hatifungani hukaa muda bila kuuzwa. Matokeo ya mnada wa karibuni wa BoT kwa muda unaokaribiana ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Na unapobadilisha asilimia kuwa shilingi, zidisha kwa bei pamoja na riba iliyolimbikizwa tangu kuponi ya mwisho.

Kwa lengo la miaka 3, tafuta dyuresheni ya Macaulay iliyo karibu na 3. Hapo riba ikipanda, kuponi unazowekeza upya zinafidia karibu yote unayopoteza kwenye bei. Kwa kuponi na riba ya 12, hiyo ni hatifungani iliyobakiza miaka 3 na nusu, kwa mfano ya miaka 5 iliyokwisha kaa mwaka mmoja na nusu. Utaipata soko la upili, si kwenye mnada, na huenda ukasubiri kidogo kwa sababu wengi wanaoshika hizo fupi hawauzi. Mpya ya miaka 5 ina Macaulay ya 3.9: imezidi kidogo, lakini iko mbali na 8. Ukipewa ya zamani ya miaka 20 yenye kuponi ya asilimia 15.49, kuponi hiyo kubwa inapunguza dyuresheni kidogo tu, haiigeuzi kuwa ya miaka 3. Mwulize broka wako wanunuzi wanatoa bei gani leo kwa hiyo yako, kabla riba haijasogea.