Riba Ikipanda, Hatifungani Yako Inashuka Bei: Yafaa Kujua Kabla Hujauza

Kwa miaka kadhaa nimewasaidia watu wa Arusha na Moshi, wengi wao wastaafu na wafanyabiashara, kununua na kuuza hatifungani za Serikali, yaani hati za mkopo ambao mwananchi anaipa Serikali. Lalamiko ninalolisikia mara kwa mara ni la mtu aliyetaka kuuza kabla hatifungani haijaiva, yaani kabla siku ya kurudishiwa mtaji haijafika, akaambiwa na dalali kwamba ile ya shilingi milioni 10 itanunuliwa kwa milioni 8 na ushei. Mara moja hushuku kwamba anapunjwa. Inawezekana, lakini mara nyingi hesabu ndiyo inayosema hivyo.

Jambo la kushika ni kwamba kuponi, yaani riba inayolipwa kila baada ya miezi 6, haibadiliki tangu hatifungani inapotolewa hadi inapoiva. Kinachobadilika ni kiwango cha faida ambacho wanunuzi wa leo wanakidai. Tuseme una hatifungani ya shilingi 1,000,000 iliyobakiza mwaka mmoja, na ili hesabu iwe nyepesi, tuchukulie kwamba riba yake ya asilimia 12 italipwa yote mwishoni pamoja na mtaji, jumla 1,120,000. Ikiwa mnunuzi anaweza kupata asilimia 14 kwingineko, hatakupa milioni nzima. Atagawanya 1,120,000 kwa 1.14 na kukupa takribani 982,500, kwa sababu kwa bei hiyo tu ndipo fedha yake itazaa asilimia 14. Kwa kuwa kuponi haiwezi kupanda, bei ndiyo inayolazimika kushuka.

Muda uliobaki ndio unaoamua bei ishuke kiasi gani. Chukua hatifungani ya milioni 10 yenye kuponi ya asilimia 12, inayolipwa mara mbili kwa mwaka, kisha faida inayodaiwa sokoni ipande kutoka asilimia 12 hadi 14. Iliyobakiza miaka 2 itauzwa kwa takribani milioni 9.66, lakini iliyobakiza miaka 20 itashuka hadi takribani milioni 8.67, kwa kuwa mnunuzi wake atapokea kuponi iliyo chini ya soko mara 40, wala si mara 4. Hapo ndipo hutoka ile milioni 8 na ushei ya mlalamikaji wetu. Faida ikishuka hadi asilimia 10, hatifungani hiyohiyo ya miaka 20 hupanda hadi takribani milioni 11.7, ongezeko ambalo ni kubwa kuliko hasara ya upande wa pili. Waliokuwa na hatifungani za miaka 20 zenye kuponi ya asilimia 15.49 walinufaika kwa namna hiyo mwaka 2022, wakati kuponi ya zile mpya za muda huo ilipopunguzwa hadi asilimia 12.10.

Anayenunua ili auze huumia haraka zaidi. Akishika hatifungani za miaka 20 zenye thamani ya shilingi bilioni 1 kwa kuponi ile ya asilimia 12, na faida inayodaiwa ikapanda kwa nusu asilimia tu, thamani yake hupungua kwa takribani milioni 36, yaani karibu riba ya miezi minne, na huenda mabadiliko hayo yakatokea katika mnada mmoja wa kuuza hatifungani mpya. Ikiwa alinunua kwa mkopo, hali ni mbaya zaidi, maana riba ya mkopo nayo inaweza kupanda wakati huohuo, na wanunuzi katika soko letu si wengi kiasi cha kumwezesha kutoka anapotaka.

Wengi huangalia Riba ya Benki Kuu peke yake. Riba hiyo ilianza kwa asilimia 5.5 Januari 2024, ikapandishwa hadi 6 Aprili mwaka huohuo, lakini inagusa kwanza mikopo ya muda mfupi baina ya mabenki. Kwa hatifungani ndefu, mimi huangalia zaidi matokeo ya minada: kiasi kilichoombwa na wawekezaji kikiwa pungufu ya kiasi kilichotangazwa, na wastani wa faida hadi kuiva ukawa juu ya ule wa mnada uliopita wa muda huohuo, bei za hatifungani za zamani zenye muda kama huo zinaelekea kushuka.

Dalali akikutajia bei, basi, muulize inampa mnunuzi faida ya asilimia ngapi hadi kuiva, kisha linganisha jibu lake na mnada wa karibuni wa muda unaofanana. Uliza pia kama bei hiyo imejumuisha riba iliyokwisha kulimbikizwa tangu malipo ya mwisho, kwa sababu hiyo ni haki ya muuzaji. Asiyehitaji kuuza ataendelea kupokea kuponi yake na kulipwa milioni 10 kamili siku ya kuiva, hata bei ya sokoni ikiwa 8.67. Lakini fedha ya ada ya mtoto ya mwaka kesho kutwa haifai kuwekwa kwenye hatifungani ya miaka 20, hata kama kuponi yake inavutia kuliko ile ya miaka 2.