Skripti moja, taa mbili: nilivyochemka kwanza ndo nikapatia

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la vifaa vya uvuvi hapa Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni Kirumba, alinipa kazi ya tangazo la redio la sekunde 30. Taa ya sola ya kuvulia dagaa, ndogo, elfu 45. Likafanya vizuri. Wiki mbili baadae akaniita tena, "mwanangu, nimeleta na ile kubwa ya betri ya lithiamu, laki 3 na 20, niandikie na yake." Mi nikachukua skripti ileile nikaipaka rangi, nikaweka "ya kisasa", "ya hali ya juu", nikabadilisha bei nikampelekea.

Simu zilipigwa kweli, ila kila anaepiga anauliza bei ya mwisho ngapi. Mama akachoka, akaniambia "umeniletea watu wa taa ndogo waje kubishania taa kubwa". Hapo ndo nikaelewa kuwa nilibadilisha sifa tu, sauti na ushahidi vilibaki vya bei rahisi.

Kwa asiejua, dagaa wa ziwani wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali watu wengi wanapumzika, kwa hiyo taa ndo kila kitu. Anaenunua taa ya elfu 45 mara nyingi ni kijana mwenye mtumbwi mmoja na bado anawasha karabai. Huyu anaogopa kutapeliwa na anaogopa hela kuzama. Ushahidi anaoutaka ni hesabu anayoweza kuifanya kichwani na kitu cha kuona kwa macho. Mvuvi mmoja alinihesabia mwenyewe, mafuta ya taa yanamla kama elfu 4 kwa karabai moja kwa usiku. Gawa 45 kwa 4, unapata 11 na kidogo. Basi skripti ikawa hivi:

"Karabai inakula elfu nne kila usiku! Taa hii ya sola ni elfu arobaini na tano. Usiku wa kumi na mbili imejilipa, na giza bado halijaisha! Njoo Mwaloni tuizamishe kwenye ndoo ya maji mbele yako uone kama inazima. Ikikusumbua ndani ya siku thelathini, unabadilishiwa hapohapo. Hesabu mwenyewe!"

Inasomwa haraka, sauti ya mtu wa mwaloni, nyuma kuna kelele za watu.

Sasa anaenunua ya laki 3 na 20 ni tajiri, yaani mwenye mitumbwi, na mara nyingi usiku hata haendi ziwani, amelala nyumbani. Ukimwambia habari ya kuokoa elfu 4 atakuona mtoto. Kinachomuuma ni taa kufa katikati ya usiku, mafuta ya injini yameshatumika, wafanyakazi wanarudi mikono mitupu. Na ndoo ya maji haimuingii akilini, yeye anataka kujua nani mwenzie ameitumia, kwa muda gani, na ikiharibika anamfuata nani. Nikarudi kwa mama tukatafuta tajiri aliekubali tumtaje kwa mahali tu bila jina:

"Saa nane usiku. Dagaa wamejaa kwenye mwanga. Taa ikififia sasa, usiku wote umepotea. Taa hii imefanya kazi miezi minne kwenye mitumbwi mitatu ya tajiri mmoja wa Igombe, toka jioni mpaka alfajiri. Waranti ya miaka miwili, kwa maandishi. Fundi wake yuko hapahapa Mwanza. Karibu dukani tuongee."

Mifupa ni ileile ukiangalia, shida, taa, ushahidi, njoo. Ila hii ina alama za mshangao sifuri, bei haipo, na ukiisoma kwa utulivu inakaa sekunde 30 zilezile kwa sababu inahitaji nafasi ya kupumua, nyuma nimeacha sauti ya maji tu. Nilisoma kwa sauti nikiwa na saa ya simu mara kama sita hivi, nikaona ukiongeza hata sentensi moja mtangazaji anaanza kukimbia na utajiri wote unaondoka.

Kosa lingine nililonusurika, rasimu ya kwanza ilikuwa na "achana na taa za bei chee". Mama akacheka, "mwanangu, na ile ndogo naiuza mimi".

Nachosikiliza siku hizi ni swali la kwanza la anaepiga simu. Tangazo la taa ndogo likileta "ipo dukani leo?" limekaa sawa. La taa kubwa likileta "waranti inahusu na betri?" nimefika, ila zikirudi zile za "punguza kidogo" najua kuna neno la mwaloni limejificha mahali.

Sasa kaleta ya katikati, laki na 20. Sijaiandikia hata mstari, nimemuomba nikakae pale kaunta asubuhi mbili kwanza nisikie wanaoishika wanauliza nini.