Mediani ya ufuatiliaji, grafu ya uhai na HR: mhakiki anataka nini hasa

> Wakuu, mhakiki amerudisha makala yetu ya kohoti. Anauliza mediani ya ufuatiliaji tumeipataje, anasema mkia wa grafu ya Kaplan-Meier haukubaliki, na HR tumeieleza vibaya. Tuandikeje?

Mkuu, anza na ufuatiliaji, maana hapo ndipo wengi wanapigwa chenga. Wakichukua muda wa wagonjwa wote na kutafuta wa katikati, aliyefariki mapema anahesabika kama aliyefuatiliwa kidogo, wakati mlimfuatilia mpaka mwisho wake. Vifo vikiwa vingi, namba inashuka hata kama kliniki ilifanya kazi nzuri.

Chukua wagonjwa saba. Watatu walifariki mwezi wa 3, wa 6 na wa 20. Wanne walikuwa hai walipoonekana mara ya mwisho, mwezi wa 10, 24, 30 na 36. Mediani ya wote saba ni miezi 20. Ya walio hai peke yao ni 27. Njia inayokubalika zaidi ni Kaplan-Meier ya kinyume: aliye hai ndiye anayehesabiwa kuwa na tukio, na aliyefariki anatoka tu kwenye hesabu siku aliyofariki. Mwezi wa 10 wamebaki watano, kwa hiyo 4/5 = 0.80. Mwezi wa 24 wamebaki watatu: 0.80 × 2/3 = 0.53. Mwezi wa 30 wamebaki wawili: 0.53 × 1/2 = 0.27. Tumeshuka chini ya 0.5, basi mediani ni miezi 30. Data ni ile ile, majibu matatu, ndiyo maana mhakiki anauliza mmetumia njia gani. Itajeni kwenye sehemu ya mbinu.

Kagueni pia tarehe ya mwisho ya kila aliye hai. Ukiona wengi wana tarehe moja, ya kufunga daftari la data, kuna uwezekano mtu aliyepotea mwezi wa 8 ameandikwa kama yupo mpaka leo. Hapo ufuatiliaji unavimba na grafu inapendeza bure. Tarehe sahihi ni ya siku alipothibitishwa kuwa hai.

Yaliyobaki tuyafanye kwa data ya `lung` iliyomo ndani ya R: wagonjwa 228 wa saratani ya mapafu iliyofikia hatua ya juu, vifo 165. Humo `status` 1 ni hai, 2 amefariki. `sex` 1 ni mwanamume, 2 mwanamke.

```r
library(survival)
survfit(Surv(time, status == 1) ~ 1, data = lung)
survfit(Surv(time, status == 2) ~ sex, data = lung)
fit <- coxph(Surv(time, status == 2) ~ sex, data = lung)
summary(fit)
cox.zph(fit)
```

Mstari wa pili ndio ufuatiliaji wa kinyume. Wa tatu unatoa mediani ya uhai: wanaume siku 270 (masafa ya uhakika ya 95%: 212–310), wanawake 426 (348–550).

Kuhusu mkia: chini ya grafu wekeni idadi ya waliobaki hatarini. Hapa siku ya 500 wamebaki wanaume 20 na wanawake 21. Siku ya 750 ni 7 na 3. Kuanzia hapo kifo kimoja cha mwanamke kinaangusha mstari kwa theluthi ya urefu uliobaki, na msomaji anadhani ameona jambo. Mimi ningekata grafu karibu na siku ya 600, na kwa vyovyote pale wanapobaki kama asilimia 10 ya walioanza.

Sasa HR. Cox inatoa 0.59 (0.42–0.82), wanawake dhidi ya wanaume. Bila kutaja nani ni kundi la kulinganishia, namba hiyo haina maana. Ukigeuza inakuwa 1.70 (1.23–2.36). Kosa lililozoeleka ni kuandika "wanawake waliofariki walikuwa pungufu kwa 41%". Hesabu mwenyewe: walifariki 53 kati ya 90, na wanaume 112 kati ya 138, yaani 59% dhidi ya 81%, uwiano wa 0.73. HR ni ulinganisho wa kasi ya vifo kwa wale ambao bado wako hai wakati huo. Andika hivi: "Kasi ya vifo kwa wanawake ilikuwa 0.59 ya ile ya wanaume (masafa ya uhakika ya 95%: 0.42–0.82)", halafu weka mediani mbili pembeni yake.

`cox.zph` inapima kama uwiano huo unabaki ule ule muda wote. Vifo vikiwa vichache, p kubwa haithibitishi kitu, kwa hiyo tazameni na mchoro wake pia, `plot(cox.zph(fit))`. Mistari ya uhai ikikatana wakati bado kuna watu wengi hatarini, HR moja inachanganya faida ya mwanzo na hasara ya baadaye. Hapo ripotini asilimia walio hai mwaka wa 1 na wa 2 kwa kila kundi, na masafa yake.