Kodi ya faida ya ziada migodini: nani anapima "faida ya kawaida"?

Swali: "Wakuu, nasoma kwamba kuna kodi ya madini isiyogusa faida ya kawaida ya mwekezaji, inachukua ile ya juu yake tu. Hiyo faida ya kawaida anaipima nani? Na si bora mrabaha tu, tujue tunapata nini kwa kila tani?"

Mkuu, hakuna anayekaa kuipima. Inaandikwa kwenye sheria kama kiwango cha asilimia, kisha daftari linafanya kazi yenyewe. Nimejaza daftari la aina hii kwa miaka kadhaa upande wa kampuni, kwa hiyo nakupeleka moja kwa moja kwenye namba.

Chukua mgodi mmoja mdogo. Mwaka wa ujenzi unameza dola milioni 200. Miaka minne inayofuata, baada ya kutoa gharama zote za uendeshaji, unabaki na milioni 70, 85, 98 na 100, halafu madini yanaisha. Sheria inasema faida ya kawaida ni asilimia 10 kwa mwaka, na kodi ni asilimia 40 ya kinachozidi hapo.

Daftari linaanza na deni la 200, yaani fedha ambazo mwekezaji hajazirudisha. Mwaka wa kwanza deni hilo linaongezwa asilimia 10, linakuwa 220. Mgodi umeingiza 70, zinabaki 150. Mwaka wa pili 150 inakuwa 165, toa 85, zinabaki 80. Mwaka wa tatu 80 inakuwa 88, na mgodi umeingiza 98. Deni limekwisha na zimezidi 10. Hapo ndipo kodi inapoanza: asilimia 40 ya 10 ni milioni 4. Mwaka wa nne hakuna deni, 100 yote inatozwa, serikali inapata 40. Jumla 44.

Umeona kilichotokea? Ile nyongeza ya asilimia 10 juu ya deni ndiyo faida ya kawaida yenyewe. Mpaka deni linafika sifuri, mwekezaji amerudishiwa mtaji wake pamoja na asilimia 10 kwa kila mwaka fedha zilipokuwa zimefungwa ardhini. Mgodi ambao ungeishia asilimia 9 haulipi hata senti, na mrabaha ungeweza kuufunga mapema, maana mrabaha unakatwa kwenye mauzo hata kama gharama zimeyala yote. Matokeo yake mawe yenye madini hafifu yanaachwa chini, wakati bila mrabaha yangelipa gharama za kuyachimba.

Wazo hili waliliandika wachumi Ross Garnaut na Anthony Clunies Ross mwaka 1975. Kwenye karatasi ni zuri sana. Shida zote nilizoziona ziko kwenye ile nyongeza na kwenye kile kinachoruhusiwa kuingia daftarini.

Anza na nyongeza. Rudia hesabu yangu kwa asilimia 20 badala ya 10. Deni linafutika mwaka wa nne, na kodi yote inashuka kutoka milioni 44 hadi kama 18.5. Weka asilimia 30, na mgodi unafungwa deni likiwa bado ni zaidi ya 46. Kodi ni sifuri. Ni mgodi uleule, uliotumia 200 ukaingiza 353, na ukimpa mwekezaji marejesho ya takriban asilimia 25 kwa mwaka. Kwa hiyo ukiona kwenye vyombo vya habari wanabishana kama kodi iwe asilimia 40 au 50, wewe uliza kiwango cha nyongeza ni kipi.

Kwa nini basi isiwekwe riba ya hati fungani za serikali na mambo yaishe? Kwa sababu mgodi ukifa kabla ya deni kufutika, serikali haimrudishii mwekezaji chochote. Inagawana naye faida, hasara anabaki nayo peke yake. Kwa hatari hiyo anadai asilimia kadhaa za ziada, na hapo si uroho. Serikali ingekuwa tayari kulipa sehemu yake ya hasara, riba ya hati fungani ingetosha, ila sioni hazina gani itakubali kumwandikia hundi mchimbaji aliyeshindwa.

Sasa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliingiza riba ya mikopo kama gharama ya uendeshaji, kama tunavyofanya kwenye kodi ya mapato. Chukua mgodi wa mfano, ukate riba ya milioni 10 kila mwaka: kodi inashuka kutoka 44 hadi karibu 26. Mkaguzi aliuliza swali moja tu: "Ile nyongeza ya asilimia 10 ni ya nini?" Nikaona aibu. Nyongeza ndiyo gharama ya mtaji wote, wa mkopo na wa wenye hisa. Ukikata na riba, umedai mara mbili. Kwa daftari hili mkopo si mapato ulipoingia, na riba si gharama inapotoka.

Kwa mgodi uliokuwepo kabla ya sheria kuna tundu kubwa zaidi: daftari linaanza na namba gani? Australia ilianzisha kodi ya namna hii kwa madini ya chuma na makaa ya mawe Julai 2012, na kampuni zikaruhusiwa kuanza na thamani ya soko ya migodi yao ya tarehe 1 Mei 2010, badala ya fedha walizotumia kweli. Thamani ya soko ya mgodi mzuri tayari imebeba faida ya ziada ya miaka ijayo! Yaani kile unachotaka kukitoza kimegeuzwa kuwa makato. Mrabaha uliolipwa majimboni nao ulipunguza kodi hiyo. Makusanyo yakawa kidogo mno kuliko walivyotarajia, na kodi ikafutwa mwaka 2014.

Tundu la mwisho ni bei. Daftari linaamini mauzo yaliyoandikwa. Mgodi ukiuza makinikia kwa kampuni dada kwa bei ya chini, faida inahamia nchi nyingine na deni halishuki. Mrabaha nao unaumizwa na ujanja huo, lakini unapungua kidogo tu, wakati kodi hii inaweza kutoweka kabisa, maana inakaa kwenye kile kipande chembamba cha juu.

Ndiyo maana kwenye swali lako la pili mimi nasema viende vyote viwili: mrabaha mdogo unaoingiza fedha tangu tani ya kwanza, na kodi hii juu yake, mrabaha ukihesabiwa kama gharama ndani ya daftari. Mrabaha peke yake, bei ya madini ikipanda mara mbili, unakuachia makombo.

Ukipata nafasi ya kuona hesabu za mgodi wowote wenye kodi hii, usianze na mstari wa kodi iliyolipwa. Tafuta salio la deni la mwanzo wa mwaka na la mwisho wa mwaka. Kama mgodi unauza vizuri miaka mitano mfululizo na salio bado linapanda, zidisha salio la mwanzo kwa kiwango cha nyongeza, ulinganishe na fedha zilizoingia. Nyongeza ikiwa ndiyo kubwa, kiwango kimewekwa juu mno au salio la mwanzo lilijazwa. Nyongeza ikiwa ndogo na salio bado linapanda, angalia matumizi mapya yaliyoingizwa, hasa ya mgodi mwingine wa kampuni hiyohiyo ambao ulipaswa kuwa na daftari lake.