Ndoto ya ziwani: ukibadilisha mwisho, ukate wapi?

*Shikamoo daktari. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, nina miaka 36. Mwaka jana mtumbwi wetu ulipinduka, mwenzangu akafa maji. Tangu hapo naota jambo lilelile karibu kila nikilala: upepo wa kusi unavuma, taa inazimika, maji yanaingia, mwenzangu ananyoosha mkono, namshika, unateleza. Muuguzi mmoja alinielekeza niandike ndoto hiyo nikiwa macho, nibadilishe mwisho, halafu niipitie kichwani kila siku. Nikaandika kwamba namvuta na anapona. Wiki mbili sasa, nikimaliza zoezi natetemeka, na ndoto imezidi. Nimekosea wapi? Na mwisho mpya ni lazima uwe jambo linaloweza kutokea kweli?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa kumpoteza mwenzako. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, dawa siandiki, ila zoezi hili ndilo ninalowafundisha watu wa mwambao huu.

Umechelewa kukata. Umeiacha ndoto iende na hofu yake yote, upepo, giza, maji, mpaka kwenye mkono, ndipo ukabadilisha jambo moja la mwisho. Kwa hiyo kila siku unapita kwenye ajali nzima ili ufike kwenye sentensi moja ya faraja. Mwili wako umefanya mazoezi ya kuzama kwa dakika kumi na ya kupona kwa dakika moja. Kutetemeka ukimaliza ni jambo la kutarajiwa.

Tunasema "kubadilisha mwisho" kwa sababu maneno hayo ni mepesi kuelewa, lakini yamewapoteza wengi. Ruhusa uliyonayo ni kubadilisha ndoto popote unapotaka na kwa namna yoyote unayotaka. Mahali pazuri pa kukata ni kabla hofu haijapanda, wakati ndoto bado imetulia. Kuanzia hapo unaandika ndoto nyingine, na ndiyo hiyo mpya peke yake unayoipitia kila siku. Ile ya zamani ukishaiandika mara moja, karatasi yake iweke pembeni. Hairudiwi.

Nikuonyeshe kwa mama mmoja niliyemhudumia, ambaye mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Anaanika dagaa kando ya ziwa. Usiku wa siku tano katika wiki alikuwa anaota mwanamume anaingia kwa mlango wa uani, naye anataka kupiga kelele, sauti haitoki. Mara ya kwanza aliandika kwamba majirani wanafika na kumkamata yule mtu. Ni mwisho mzuri, lakini ili majirani waje ilibidi mtu yule aingie kwanza, na kila alipofika hapo mapigo ya moyo yalimwenda mbio. Tukarudi nyuma. Ndoto yake huanza akiwa jikoni, jioni, hakuna baya lililotokea. Tukakata hapo. Akaandika hivi: "Niko jikoni kwa mama. Mlango ni mmoja tu, uko mbele yangu, na mwanga wa jioni unaingia. Mawese yanachemka, nasikia harufu yake, natia migebuka. Mwanangu amekaa kizingitini anachambua mchele, nasikia punje zikigonga ungo. Sufuria ni ya moto, nimeishika kwa kitambaa." Basi. Mlango wa uani haupo tena, na hakuna anayepigwa wala kukamatwa.

Tazama jinsi alivyoandika. Kuna harufu, kuna sauti, kuna joto mkononi. Taswira inahitaji vitu vya namna hiyo kuliko inavyohitaji kisa kizuri. Alikuwa anakaa kwenye kigoda mchana, mgongo umeegemea ukuta, anafumba macho na kuipitia mara mbili tatu, dakika kumi hivi. Wiki ya nne zilibaki siku mbili. Na hili nalipenda kulisimulia: jiko la mama yake hakuwahi kuliota. Aliota yule mtu amesimama mlangoni, yeye akamgeuzia mgongo na kuendelea kukaanga. Aliamka, akanywa maji, akalala tena. Zamani alikuwa akikaa macho hadi alfajiri.

Kwa hiyo usingoje kuiota ndoto uliyoiandika. Wapo wanaoiota, lakini kwa wengi ile ya zamani inapoteza nguvu, inakatika njiani, au inapungua kuja. Kwa nini iwe hivyo, maelezo ni zaidi ya moja. Ndoto iliyorudi kwa miezi mingi hugeuka mazoea ya ubongo, kama njia iliyokanyagwa mpaka majani hayaoti, na zoezi la mchana linafungua njia nyingine. Pia mtu anapoona kwamba picha za kichwani mwake anaweza kuzishika na kuzigeuza, anaacha kukiogopa kitanda, na usingizi wa mtu asiyeogopa haukatikikatiki. Mimi hili la pili ndilo ninaloliona zaidi kwa watu wangu.

Sasa tuje kwako. Kosa lako la pili, na hapa hukuelezwa vya kutosha, ni kuanza na ndoto iliyo nzito kuliko zote. Hiyo yako ni ajali yenyewe inayojirudia. Anza na nyingine iliyo nyepesi. Karibu kila anayeota vibaya ana ya pili: kupotea njia, nyavu kuchanika, kufukuzwa. Chagua ambayo ukiikumbuka hofu yake haizidi nne au tano kati ya kumi, uifanyie kazi wiki nzima au mbili. Ukishaona mkono wako umezoea, ndipo uisogelee ile ya ziwani. Usishike zaidi ya ndoto mbili kwa wiki.

Utakapoifikia, kata ukiwa bado nchi kavu. Labda ndoto yako haianzi hapo, inaanza upepo ukiwa tayari umeshavuma. Basi itangulizie mwanzo wako mwenyewe: mko mwaloni, jua linazama upande wa Kongo, mnapakia taa. Kuanzia hapo andika unavyotaka wewe. Na hapa ndipo jibu la swali lako la pili lilipo: si lazima liwe jambo linalowezekana. Ziwa linaweza kuwa la kufika magotini hadi ng'ambo. Taa inaweza kuwaka ndani ya maji. Ndoto haina sheria za mchana, na wewe usizibebe. Linalotakiwa ni kwamba ukifika mwisho mwili umelegea, pumzi imeshuka.

Kwa kipimo hicho hicho, mwisho wako wa kumvuta mwenzako haukufai kwa sasa. Kwa wengine kumwokoa mtu ndotoni kunaleta utulivu. Wewe ukifumbua macho unakutana upya na kwamba hayupo, ni kama unapewa taarifa ya msiba kila siku. Muache kwanza asiwemo kwenye ndoto mpya, na kufanya hivyo si kumsahau. Huzuni yake ina mahali pake: kumzungumza na watu waliomjua, kwenda kwa mama yake, dua au misa kwa imani yenu. Zoezi hili halifanyi kazi ya matanga.

Kuhusu wakati, wavuvi wa dagaa mna shida ambayo vitabu havina. Usiku mko ziwani na mnalala asubuhi, na ndoto huwa nyingi sehemu ya mwisho ya usingizi, kwenu saa sita au saba mchana, jua kali na watoto wakicheza dirishani. Anza siku za mbalamwezi, ambapo hamuendi kuvua na unalala usiku kama watu wengine. Fanya zoezi mchana ukiwa macho kabisa, umekaa, dakika kumi hadi ishirini. Kitandani usilifanye mpaka liwe jepesi. Ndani ya mtumbwi usilifanye kabisa. Ikitokea ile ya zamani imejipenyeza katikati ya zoezi, usipigane nayo. Fumbua macho, gusa kitu kilicho karibu, taja vitu vitatu unavyoviona, kisha anza upya au acha hadi kesho.

Chukua daftari, uandike kila unapoamka mambo mawili tu: ndoto ilikuja au haikuja, na hofu yake ni ngapi kati ya kumi. Mara nyingi namba ya hofu hushuka kabla ya idadi ya ndoto, na bila daftari mtu husema "bado naota" akadhani hajapata kitu. Kata mapema, fanya hivyo wiki tatu au nne. Ukiona namba zote mbili zinapanda hata kwa ile ndoto nyepesi, simama na utafute mtu wa kukaa nawe ana kwa ana.

Njia hii ina ushahidi. Mwaka 2001 Barry Krakow na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 168 wa New Mexico, Marekani, waliowahi kudhulumiwa kingono, na waliofundishwa zoezi hili walipungukiwa na ndoto mbaya na wakalala vizuri zaidi kuliko waliokuwa bado wanasubiri zamu yao. Lakini utafiti mwingine, wa mwaka 2010, kwa wanajeshi wa zamani wa vita vya Vietnam, haukuona kwamba linapita mafunzo mengine ya usingizi waliyolinganishwa nayo. Ndiyo maana siwaahidi watu kitu, hasa ambao mshtuko wao ni mkubwa na wa miaka mingi.

Hakikisha pia hatufukuzi kivuli. Kama unakunywa pombe kali ili upate usingizi, ukiiacha ghafla ndoto huja kwa wingi siku chache. Dawa nazo zinaweza kuzileta, propranolol ya presha mojawapo, na efavirenz kwa wanaoitumia. Usiache dawa yoyote mwenyewe, muulize aliyekuandikia. Na kama unachokipata ni kuamka mwili umekufa ganzi, kitu kimekukalia kifuani, lile tunaloliita kukabwa na jinamizi, hilo ni jambo jingine, zoezi hili halikulengwa kwalo. Hali kadhalika ukiwa unarusha ngumi na kuruka kitandani ungali umelala: hilo daktari alione.

Na kama mchana pia picha za ajali zinakuvamia, unaogopa hata kusogea mwaloni, au umewahi kuwaza bora ungekufa wewe badala yake, usibaki na daftari peke yako. Nenda hospitali wiki hii, uwaambie kwa maneno hayohayo. Wazo la kufa likiwa lipo leo, nenda leo na usiende peke yako.

Kwa yule muuguzi rudi, alikuelekeza njia sahihi. Mpelekee karatasi ya ndoto nyepesi, ukimaliza kuiandika, mwombe akusomee taratibu wewe ukiwa umefumba macho. Ukisikia mabega yamepanda, mwambie asimame hapohapo na uweke alama ya kalamu. Sentensi iliyo juu ya alama hiyo ndipo pa kukata.