Chuma kizito, mwili uleule: kwa nini mkimbiaji anayenyanyua hupunguza gharama ya mbio

Kwa miaka minne nilikimbia kilomita 10 bila kugusa chuma. Niliamini kwamba kila kilo ninayoiongeza mwilini nitalazimika kuibeba hadi mwisho wa mbio. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Uzito humgharimu mkimbiaji, na ule unaokaa kwenye shavu la mguu na wayo humgharimu zaidi, kwa sababu sehemu hizo hurushwa mbele na nyuma katika kila hatua. Nilichokosea ni kudhani kwamba anayenyanyua uzito hana budi kunenepa.

Nilipojaribu mara ya kwanza, hofu yangu ilithibitika. Nilikaa kwenye mashine ya kunyooshea magoti, nikafanya seti 4 za marudio 15, nikipumzika dakika moja tu kati ya seti, hadi mapaja yakawaka moto. Nikawa nakula zaidi pia, maana nilisikia kwamba anayenyanyua lazima ale. Baada ya wiki sita nilikuwa nimeongezeka kilo moja na nusu na muda wangu ulikuwa palepale. Nikaacha.

Baadaye kocha mmoja mzee alinitazama nikizunguka uwanja, akaniita pembeni. "Mwanangu, sikiliza mguu wako," akaniambia. Akanirudisha uwanjani nyuma ya mkimbiaji mwenye kasi kama yangu. Mguu wa mwenzangu uligusa chini na kuondoka, pa, pa, pa. Wangu ulitua, ukazama kidogo, halafu ndipo ukasukuma. Goti langu lilikuwa likikunjika kupita kiasi kila linapopokea uzito. "Pumzi unayo," akasema kocha. "Ila unaimwaga chini kila hatua."

Gharama ya mbio ni kiasi cha oksijeni ambacho mwili unatumia kukimbia kwa mwendo fulani usiobadilika. Maabara huipima kwa kumvisha mkimbiaji barakoa juu ya mashine ya kukimbilia. Watu wawili wanaweza kuwa na mapafu na moyo wenye uwezo sawa, lakini mmoja akatumia oksijeni kidogo kuliko mwenzake kwa mwendo uleule. Huyo ndiye atakayebaki na akiba kilomita ya tisa.

Kila mguu unapotua, hupokea nguvu inayofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na hukaa chini kwa takriban robo ya sekunde, au chini ya hapo ukienda kasi. Mimi hukimbia kilomita 10 kwa dakika 42, hatua kama 175 kwa dakika, kwa hiyo kazi hiyo hurudiwa zaidi ya mara 7,000. Misuli ikiwa dhaifu, kila hatua hudai sehemu kubwa ya uwezo wake wote. Mwili hulazimika kuziita nyuzi za haraka, zile zenye nguvu nyingi lakini zinazochoka upesi. Uwezo wa juu ukipanda, hatua ileile inakuwa mzigo mdogo, na sehemu kubwa ya kazi inabaki kwa nyuzi za polepole, ambazo ni bahili wa nishati.

Jambo la pili liko kwenye kano ya kisigino. Mguu unapotua, kano hiyo huvutika na kuhifadhi nishati, kisha hurudi kama springi na kuurusha mwili mbele. Msuli wa shavu kazi yake kubwa hapo ni kushikilia upande wa juu wa springi usiteleze. Kano ikiwa laini mno, msuli hulazimika kujifupisha zaidi na kwa kasi zaidi ili kufidia, na msuli unaojifupisha kwa kasi hula nishati nyingi kuliko unaoshikilia tu. Uzito mkubwa huikaza kano. Ule mzamo ambao kocha aliusikia masikioni ulikuwa springi yangu ikiachia.

Sasa, hayo yote hutokeaje bila mapaja kufura? Katika wiki za mwanzo za kunyanyua uzito mkubwa, nguvu inayoongezeka hutoka zaidi kwenye neva kuliko kwenye nyama. Ubongo hujifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi kwa pamoja, na kuzitumia amri kwa kasi zaidi. Nyuzi zilikuwepo siku zote, zilikuwa hazijaitwa. Ili msuli ukue kwa ukubwa unahitaji seti nyingi zinazokaribia kuuchosha kabisa, na chakula cha ziada cha kujengea. Mkimbiaji wa masafa marefu hana hayo mawili kama akijipanga vizuri. Marudio yake ni machache, na kilomita zake za wiki huchoma kile ambacho kingebaki kama ziada. Mbio ndefu zenyewe pia huuelekeza msuli kwenye uvumilivu zaidi kuliko ukubwa. Mtu anayetafuta misuli minene huona hilo kama hasara. Kwetu ni kinga.

Jaribio lililonishawishi zaidi lilichapishwa mwaka 2008 na watafiti wa Norway. Wakimbiaji 17 waliendelea na mbio zao za kawaida, na kundi moja kati yao likaongeza zoezi moja tu, kuchuchumaa nusu na chuma, seti 4 za marudio 4, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Mwishoni kundi hilo lilikuwa limepunguza gharama ya mbio kwa asilimia 5 hivi. Uwezo wa juu wa kutumia oksijeni haukubadilika. Uzito wa mwili nao haukubadilika.

Mimi nilifanya mara mbili kwa wiki, kwa sababu miguu yangu haikumudu tatu. Nilikuwa na kilo 62. Wiki tatu za kwanza zilikuwa za kujifunza umbo tu: chuma begani, miguu upana wa mabega, kushuka hadi goti likunjike kama pembe ya mraba, mgongo usipinde, visigino visinyanyuke. Marudio 8 kwa uzito ambao ningeweza kuurudia mara nne zaidi. Sikuzote namsihi mtu asiruke hatua hii, kwa sababu uzito mkubwa juu ya umbo bovu huumiza mgongo kwanza.

Kisha nikaingia kwenye kazi yenyewe. Nilianza na kilo 55, uzito ambao niliweza kuunyanyua mara nne na mara ya tano ungenishinda au ungenipotezea umbo. Nikashuka taratibu, nikapanda kwa nia ya kwenda haraka hata pale chuma kilipokwenda polepole, kwa sababu nia hiyo ndiyo inayozifundisha neva. Halafu dakika tatu nzima za kupumzika. Dakika hizo zilinisumbua sana mwanzoni. Nilijiona mvivu, nimekaa tu, jasho halitoki. Lakini ukizikata, seti inayofuata unaifanya kwa misuli iliyochoka, unapunguza uzito, na bila kujua umerudi kwenye lile zoezi la kuwaka mapaja. Kila nilipoweza rudio la tano katika seti ya mwisho, niliongeza kilo mbili na nusu siku iliyofuata.

Baada ya hapo nilisimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, nimeshika uzito kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine, nikanyanyua kisigino na kukishikilia juu kwa sekunde tatu. Seti 4, marudio 5 kila mguu. Kano haina haraka. Msuli huonyesha mabadiliko ndani ya wiki chache, lakini kano huhitaji kama miezi mitatu ya mzigo mzito ili ikaze kwa kiasi cha kuonekana.

Kosa langu kubwa lilikuwa ratiba. Nilinyanyua jioni ya kabla ya siku ya mbio za kasi, nikaamka na miguu kama magogo, nikakimbia vibaya, nikahitimisha kwamba chuma kinanipunguzia kasi. Kumbe kwa siku moja au mbili baada ya uzito mkubwa gharama ya mbio inaweza hata kupanda, kwa sababu misuli inauma na umbo linaharibika. Nikahamia siku ileile ya mbio za kasi: kukimbia asubuhi, kunyanyua jioni, na kesho yake mbio za taratibu au kupumzika. Siku ngumu ikawa ngumu kweli, na siku nyepesi ikabaki nyepesi.

Kwa kupima sikuwa na maabara. Kila baada ya wiki tatu, siku mbili baada ya kunyanyua, asubuhi kukiwa na baridi, nilikimbia kilomita 4 uwanjani kwa dakika 5 kila kilomita, na kusoma mapigo ya moyo ya kilomita mbili za mwisho. Kabla ya kuanza yalikuwa 151. Wiki ya sita yalikuwa 150, na nikakata tamaa kidogo. Wiki ya kumi na mbili yalikuwa 145. Chuma kilikuwa kimefika kilo 77.5, na mizani ilisoma kilo 62.4. Mapigo ya moyo hubadilika kwa joto, usingizi na hofu, kwa hiyo tofauti ya pigo moja au mawili usiihesabu. Kinachoaminika ni mwelekeo wa vipimo kadhaa vilivyofanywa katika hali moja.

Kano ikianza kukakamaa unapoamka asubuhi, na ukakamavu huo ukazidi siku hadi siku, punguza uzito wa kunyanyua visigino kabla maumivu hayajakufuata kwenye mbio. Paja likiongezeka na mizani ikipanda mwezi hadi mwezi, hesabu kwanza marudio yako na dakika zako za kupumzika, kisha tazama sahani yako. Mara nyingi utakuta seti zimeongezeka zenyewe kwa raha ya kunyanyua. Ilinitokea, na nilizikata mbili bila kupoteza nguvu.

Msimu wa mashindano ulipofika niliacha chuma kabisa ili niwe mwepesi. Wiki ya nane mguu ulianza kuzama tena na mapigo yakarudi 149. Tangu hapo, katika wiki za mashindano nafanya mara moja kwa wiki, seti 2 za marudio 4 kwa uzito uleule, na siku kumi za mwisho kabla ya mbio kubwa siweki chuma begani.